Kumvalisha Fundi Vifaa vya Kinga Kwenye Picha: Jinsi Bango la Usalama Linavyoandaliwa

Kamati kadhaa za ujenzi katika sharika zetu zimetaka kujua mabango ya mafunzo ya usalama yanatengenezwaje. Kwenye bango la namna hii mtu yule yule huonekana mara mbili: kushoto hana vifaa, kulia amevaa ovaroli, kofia ngumu na fulana ya kuakisi mwanga, ambayo mafundi wengi huiita reflekta. Vifaa vya upande wa kulia huongezwa kwa kompyuta. Tunafanya hivyo kwa sababu mtu akiwa amesimama vile vile katika picha zote mbili, macho ya mwanafunzi huenda moja kwa moja kwenye kilichobadilika, yaani vifaa.

Tuchukue mfano wa kibarua anayechanganya zege kandokando ya barabara inapojengwa kalavati. Amevaa fulana na suruali, ameshika koleo mbele ya kifua, na miguuni ana kandambili. Jua la saa nne asubuhi linampiga kutoka kushoto.

Kazi huanza kwa kupiga picha ya vifaa vyenyewe. Tunamwomba mtu mwenye umbo linalofanana na lake avae ovaroli, reflekta na kofia, asimame mahali pale pale saa ile ile, na kamera iwe kimo kile kile. Picha za vifaa kutoka kwenye katalogi hazifai sana, kwa kuwa mwanga wake hutoka upande mwingine na kivuli kitamsaliti fundi wetu.

Kamera isitumie flashi. Reflekta ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Kitambaa cha njano au cha rangi ya chungwa hung'aa mchana kwa sababu hugeuza sehemu ya mwanga wa jua tusioiona kuwa mwanga unaoonekana. Mikanda ya fedha hufanya kazi usiku, kwa kurudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka. Flashi ikipigwa, mikanda huwaka nyeupe kama taa, jambo lisilotokea kwa macho ya kawaida mchana. Katika picha ya mchana mikanda inapaswa kuonekana ya kijivu. Upana wake uwe angalau sentimita 5, kama viwango vya kimataifa vinavyotaka.

Kwenye kompyuta tunatumia programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure. Tunafungua picha ya fundi, kisha picha ya vifaa kwa kutumia `Open as Layers`, ili ikae juu ya ile ya kwanza kama tabaka. Kila kifaa hukatwa kwa `Paths Tool` na kuwekwa kwenye tabaka lake: ovaroli chini, reflekta juu yake, kofia mwisho. Kisha tunarekebisha ukubwa kwa `Scale Tool`. Mpini wa koleo na mikono lazima vibaki mbele ya reflekta, kwa hiyo kwenye tabaka la reflekta na kwenye tabaka la ovaroli tunaweka `Layer Mask` na kupaka rangi nyeusi pale mpini na viganja vinapopita. Mwisho tunaongeza tabaka la kivuli lenye `Mode` ya `Multiply`, chini ya ukingo wa kofia na upande wa kulia wa mwili.

Ovaroli ndiyo ngumu kuliko vyote. Ni pana kuliko nguo za kawaida na hujikunja kwenye viwiko na magoti kufuata mwili. Kama mikono ya watu hao wawili haikukunjwa sawa, mikunjo haitakubali, na ni afadhali kurudia picha kuliko kuilazimisha.

Kofia inaonekana rahisi, lakini ndiyo inayokosewa mara nyingi. Wahariri huibandika ikikumbatia kichwa kama kapelo. Kofia ngumu haigusi utosi. Ndani yake kuna mikanda inayoacha nafasi kati ya ganda na kichwa, na nafasi hiyo ndiyo inayosaidia kupunguza nguvu ya tofali linaloanguka. Kwa hiyo kwenye picha lazima ionekane pana kuliko kichwa na ikae juu kidogo, ukingo wake ukiwa sambamba na nyusi, wala usiinuke kuelekea kisogoni. Kamba ya kidevu nayo ionekane imefungwa. Haya si mapambo: kibarua atavaa kofia kama alivyoiona kwenye bango.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakagua picha nzima kabla ya kuchapa. Fundi wetu sasa ana kofia, reflekta na ovaroli, lakini bado amesimama karibu na zege mbichi akiwa na kandambili. Saruji yenye maji huunguza ngozi polepole, na mara nyingi mtu haoni maumivu hadi jeraha limeshaingia. Bango lililoacha kandambili hizo linafundisha kwamba hazina shida. Ni lazima tuongeze pia buti za mpira na glovu.

Likichapwa kwa ukubwa wa A2 bango linahitaji takriban doti 2480 kwa 3508. Simu nyingi za leo zinatosha, ila picha itumwe kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa ubora.

Sasa tufike kwenye jambo linalozihusu kamati na wafadhili moja kwa moja. Picha iliyohaririwa ni ya kufundishia tu. Ikiingia kwenye taarifa ya mradi, karibu na mstari wa bajeti usemao vifaa vya kinga, inageuka kuwa ushahidi wa kitu ambacho hakikununuliwa. Kwa hiyo kwenye bango lenyewe tunaandika kwa herufi zinazosomeka: "Picha imehaririwa kwa ajili ya mafunzo." Faili tunaliita kwa jina lisiloacha shaka, kwa mfano `bango-zege-IMEHARIRIWA.xcf`, na halikai kwenye folda ya picha za taarifa. Mfadhili akiona picha ya vifaa katika taarifa, ana haki ya kuomba picha halisi, stakabadhi na orodha ya waliopokea iliyosainiwa.

Lipo pia suala la heshima ya mtu mwenyewe. Tunamwonyesha fundi picha zote mbili na kumwomba ridhaa ya maandishi kabla ya kuchapa. Akikataa, tunatafuta mwingine. Vilevile hatuandiki "Mzembe" chini ya picha ya kushoto na "Makini" chini ya ile ya kulia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kinga. Usharika unaoajiri mafundi wenyewe unasimama kama mwajiri. Kibarua wa kushoto hakukataa kofia, hakupewa. Kwa hiyo tunaandika "Kabla ya kupewa vifaa" na "Baada ya kupewa vifaa."

Kamati itakayotundika bango hili kwenye eneo la ujenzi iwe tayari kwa swali ambalo mafundi watauliza siku hiyo hiyo: "Na vyetu viko wapi?" Tunashauri vifaa vinunuliwe na kugawiwa kwanza, ndipo bango lipande ukutani.