Bomba la Kenya, kisima cha Ruashi: tofauti au bahati?

Tuseme tumepita na daftari katika komine tatu za Lubumbashi: Katuba, Kenya na Ruashi. (Msomaji wa mbali ajue kuwa Kenya hii ni komine ya mji, si nchi.) Kila nyumba tumeiuliza swali moja: maji ya kunywa mnachota kwenye bomba la Regideso au kisimani? Namba zifuatazo ni za mfano tu, nimezipanga ili hesabu ifuatike kwa kalamu.

| Komine | Bomba | Kisima | Jumla |
|---|---|---|---|
| Katuba | 42 | 78 | 120 |
| Kenya | 54 | 46 | 100 |
| Ruashi | 24 | 56 | 80 |
| Jumla | 120 | 180 | 300 |

Kenya zaidi ya nusu wanatumia bomba, Ruashi hawafiki hata theluthi. Je, tofauti hiyo ni ya kweli, au ni nyumba tu tulizobahatika kubisha hodi?

Jaribio la kai-mraba huanza kwa kujifanya kwamba komine na chanzo cha maji havihusiani kabisa. Kama ni hivyo, kila komine ingefuata uwiano wa nyumba zote tulizohoji: nyumba 120 kati ya 300, yaani asilimia 40, zina bomba. Basi kwa nyumba 100 za Kenya tungetarajia 40 zenye bomba. Kwa Katuba 48, kwa Ruashi 32. Kanuni ni fupi: jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu. Idadi tarajiwa si utabiri wala lengo la serikali. Ni sura ambayo jedwali lingekuwa nayo bila uhusiano, na ikitoka na desimali usiikadirishe.

Sasa pima pengo. Kenya tulipata 54 badala ya 40, pengo la 14. Lizidishe kwa lenyewe upate 196, kisha gawanya kwa 40: 4.9. Tunagawanya kwa sababu pengo la 14 ni kubwa penye 40, lakini penye 4,000 si kitu. Fanya hivyo kwa visanduku vyote 6, ujumlishe, utapata 12.75. Visanduku viwili vya Kenya peke yake vinachangia karibu 8.2, kwa hiyo habari kubwa iko huko.

Je, 12.75 ni nyingi? Inategemea digrii za uhuru. Shikilia jumla za pembeni zisibadilike, kisha jaza jedwali upya. Ukishaandika bomba la Katuba na bomba la Kenya, vilivyobaki vyote vinajilazimisha vyenyewe. Visanduku huru ni 2: mistari 3 toa 1, mara safu 2 toa 1. Karl Pearson, aliyebuni jaribio hili mwaka 1900, angehesabu 5, yaani visanduku 6 toa 1. Ronald Fisher ndiye aliyelisahihisha jambo hilo mwaka 1922. Si ubishi wa maneno. Kwa kiwango cha asilimia 5, kizingiti cha digrii 2 ni 5.99, cha digrii 5 ni 11.07. Jedwali lenye jumla ya 8 lingekataliwa na mmoja na kukubaliwa na mwingine. Letu linavuka vyote viwili.

Visanduku vidogo ni tatizo jingine. Idadi tarajiwa, si ile uliyohesabu, ikishuka chini ya 5, kizingiti hicho hakiaminiki tena, na hapo hutumika jaribio halisi la Fisher. Kwa mfano, mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Lubumbashi uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro na wengine 108 wasio nazo. Baba kufanya kazi inayohusiana na migodi kulionekana kuhusiana na kasoro kwa uwiano wa 5.5, lakini ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25. Upana kama huo ndio dalili ya kisanduku chenye watu wachache.

Ila kinachoharibu tafiti nyingi za mtaani, kwa maoni yangu, ni majirani. Jaribio linadhani kila nyumba imejibu peke yake, na bomba halijengwi hivyo: likifika kwenye avenyu, nyumba nyingi hulipata, likikatika, zote hukosa. Tuseme nyumba zetu 300 zilitoka kwenye avenyu 30, nyumba 10 kila moja, na kufanana kwa majirani ni 0.2. Athari yake ni 1 + (10 − 1) × 0.2 = 2.8. Kwa marekebisho ya namna ya Rao na Scott ya mwaka 1981, gawanya 12.75 kwa 2.8, unabaki na 4.55, chini ya 5.99. Madodoso ni yaleyale 300, lakini uthibitisho umeyeyuka. Ukionyeshwa matokeo ya kai-mraba ya mji huu, uliza kwanza yalitoka kwenye avenyu ngapi.