Shabu Hukausha Majimaji, Haikaushi Ugonjwa

Mwanamke wa Malindi au Kilifi akiona hedhi imevurugika, au akitokwa na majimaji yenye rangi na harufu asiyoizoea, mara nyingi ushauri wa kwanza anaopewa ni atafute dawa ya chango. Huenda ikawa mizizi ya kuchemsha, habasoda kwa asali, au majani machungu ya mwarobaini, ule ambao wengi huuita mkilifi. Na kwa majimaji, ataambiwa ajaribu shabu: kile kijiwe cheupe cha dukani, kinasagwa, kinayeyushwa kwenye maji ya kujioshea au kinawekwa ndani kabisa.

Si kila dawa ya kienyeji ni ya kupuuzwa. Tangawizi, kwa mfano, imejaribiwa na kuonekana kupunguza maumivu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake. Hatari ipo pale dalili inapoondoka na chanzo kikabaki.

Shabu inaonyesha jambo hili waziwazi. Ni chumvi ya madini inayogandisha protini na kukaza ngozi laini, kwa hiyo ndani ya siku chache uke hukauka na mwanamke huhisi amepona. Lakini vijidudu vya klamidia na kisonono haviishi katika yale majimaji tu. Hujificha pia ndani ya chembe za mlango wa kizazi, ambako shabu haivifikii. Tena shabu huchubua ngozi, na kujiosha ndani huondoa bakteria wazuri wanaoutunza uke katika hali ya uchachu. Wakipungua hao, wabaya huongezeka na kuleta majimaji ya kijivu yenye shombo la samaki. Mwanamke hujiosha zaidi, na harufu nayo huzidi.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29 anayeishi Gongoni. Alitokwa na majimaji ya manjano na tumbo la chini likawa linamuuma. Alitumia shabu, yakakauka, akasahau. Kumbe klamidia ilikuwa inapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Ndani ya mirija hiyo mna vinyweleo vidogo vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye kizazi. Ugonjwa uliviharibu na kuacha makovu.

Mwaka uliofuata hedhi yake ilichelewa wiki tatu. Akahisi chango limerudi, akachemsha mizizi akanywa. Siku ya tatu akaona damu kidogo, nyeusi, ya matone, akafurahi kuwa dawa imefungua hedhi. Kwa kweli alikuwa na mimba, na yai lilikuwa limekwama kwenye mrija wenye kovu. Damu ile ndiyo iliyokuwa onyo, naye aliisoma kama uponyaji. Maumivu yakahamia upande mmoja, bega likaanza kuuma, kisha akazirai akiwa jikoni. Hospitalini kipimo cha mkojo kilionyesha mimba, na picha ya altrasaundi ikaonyesha kizazi kitupu na damu imejaa tumboni. Alifanyiwa upasuaji usiku huohuo, mrija ukaondolewa. Bega liliuma kwa sababu damu iliyovuja tumboni ilifika chini ya kiwambo cha moyo, na neva za hapo hupeleka maumivu begani.

Ndiyo maana mwanamke anayeweza kushika mimba, hedhi ikichelewa, kwanza apime mimba kabla ya kunywa chochote cha "kufungua". Hedhi inayorudi kila baada ya siku 24 hadi 38 ni ya kawaida, hata kama haiangukii tarehe ileile kila mwezi. Ute mweupe au unaovutika, usio na harufu mbaya wala muwasho, nao ni wa kawaida, hauhitaji dawa yoyote.

Usiokuwa wa kawaida unahitaji kuangaliwa. Mhudumu atatumia kifaa cha kupanulia uke, autazame mlango wa kizazi, achukue sampuli, na akupe dawa kulingana na chanzo. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, mume pia atibiwe, la sivyo utaambukizwa upya. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, ni lazima ichunguzwe, kwani yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi.

Unapokwenda, usijioshe ndani wala usiweke shabu kabla ya kupimwa, maana utakuwa umefuta ushahidi. Taja kila ulichokunywa na ulichoweka, bila haya. Mhudumu anayejua ulitumia shabu hatadanganyika na uke mkavu. Na ukiwa umechelewa hedhi, tumbo likauma upande mmoja au ukahisi kizunguzungu, usingoje kuche: nenda hospitali saa hiyohiyo.