Kinshasa: Mshairi wa Goma aandika beti moja ya mvua, na kuuliza habari ya ndoo

Mvua ilinyesha Kinshasa usiku kucha. Mshairi mmoja mzaliwa wa Goma, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa sababu ya ndugu zake waliobaki kule, aliandika beti moja kwenye simu na kuituma kabla ya kulala:

Mvua huku ugenini, haina wa kuilaki,
Hatupangi mabidoni, wala mama haamki,
Yalala barabarani, siku mbili haitoki,
Kwetu huzama jiweni, hata tone halibaki.

Juu yake aliweka maneno haya tu: «Kinshasa, saa nane usiku. Goma, kuna aliyeweka ndoo?»

Asiyeijua Goma anaweza kushangaa mtu kuamka usiku kwa sababu ya ndoo. Mji ule umejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, na mengine yalimwagika katikati ya mitaa Januari 2002. Mawe hayo yana matundu na nyufa, kwa hiyo mvua kubwa hupita ndani yake kama kwenye kichungi. Ziwa Kivu liko pale pale, lakini bomba halifiki kila mtaa, na maji hununuliwa kwa bidoni. Mvua ikigonga bati, nyumba nzima huamka. Maji ya kwanza huachwa yaende, maana yanaosha vumbi na majivu ya mlima. Ndipo ndoo zinasogezwa.

Kinshasa ni kinyume: maji hujaa barabarani, mifereji imeziba takataka. Msitari wa tatu unasema hivyo bila kutaja mji.

Kwa kanuni, beti hii imekaa sawa. Kila msitari una mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati ni «ni» na cha mwisho «ki». Ila «mabidoni» ni neno la kwetu Kongo, na wa pwani huenda wakalikataa. Mimi ningeliacha. «Madumu» yangeharibu kina, na yangemhamisha mama huyo kutoka Goma.

Mwandishi anasema maelezo ya kwanza yalikuwa «Nimekumbuka nyumbani». Aliyafuta, kwani beti ilikwisha kusema hilo. Kilichokosekana ni mahali, saa, na mtu wa kujibu. Swali la ndoo lina uzito wake: tangu M23 ilipouteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, hajarudi kwao. Njia ya kuzunguka nchi jirani ni ndefu na ghali, na anaogopa vizuizi.

Asubuhi dada yake alimtumia picha kutoka Goma. Mabidoni mawili chini ya bati, moja limejaa. La pili, aliandika, mvua ilikatika mapema.