Safu Isiyovuka Kumi na Tano

Ukiletewa picha ya ukurasa wa leja ya mfanyabiashara wa karafuu wa Unguja, tuseme ya miaka ya 1890, usianze na maneno. Wino umefifia, mwandiko umelala, na ile "do." inayojirudia mstari baada ya mstari utaidhania jina la mteja, kumbe karani anasema tu "kama hapo juu". Anza na tarakimu, tena uzisome kwenda chini, safu moja moja.

Katika kila safu tafuta namba kubwa kuliko zote. Upande wa fedha kwa kawaida una safu tatu. Ya kati isipovuka 15 na ya mwisho isipovuka 11, hizo ni rupia, ana na pai: rupia moja ilikuwa ana 16, na ana moja pai 12. Ya mwisho ikikomea 3, karani alihesabu pesa za shaba, nne kwa ana. Leja ya Bagamoyo ya wakati wa Wajerumani huwa na safu mbili tu, na ya pili hukomea 63, kwa kuwa rupia yao ilikuwa pesa 64 hadi walipoingiza hela 100 mwaka 1904. Mistari mitano haitoshi kwa jaribio hili. Soma ukurasa mzima.

Uzani una mtego wake. Frasila katika biashara ilikuwa ratili 35 za Kiingereza, lakini hesabu ya kienyeji, mani 12 za ratili tatu tatu, inatoa 36. Karani wako alitumia ipi? Mwache ajibu mwenyewe kwa hesabu yake. Chukua mstari wa mfano: karafuu "12 . 20", bei "5 . 8", jumla "69 . 2 . 3".

Nukta hizo si za desimali. Ni frasila 12 na ratili 20, kwa rupia 5 na ana 8 kila frasila. Frasila 12 zinafika rupia 66. Ratili 20 zilizobaki, ukigawa kwa 35, zinaongeza rupia 3, ana 2 na pai 3. Jumla imelingana. Ukigawa kwa 36 utapata rupia 69, bila ana, na pai 10 na ushei. Basi ni 35.

Njia hiyo hiyo huamua tarakimu yenye shaka. Huoni kama ni 1 au 7? Jaribu zote mbili, kisha tazama ipi inafikisha jumla ya chini, ile inayohamishiwa juu ya ukurasa unaofuata. Zote zikikataa, shuku safu nzima kabla ya kumlaumu karani, ingawa makarani nao walikosea kujumlisha. Majina ya wateja hayana jumla ya kuyakagua. Hayo yawekee alama ya kuuliza pembeni, uyalinganishe na kurasa nyingine.