Mawe ya Mwanza na Mwamba wa Bahari

Mawe makubwa ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mwamba wa sakafu ya Bahari ya Hindi haufikii miaka milioni 200. Kwa nini?

Katikati ya bahari ardhi hupasuka. Uji wa mawe ya moto hupanda, ukaganda. Mwamba huo mpya husogea sentimita chache kila mwaka. Kadiri unavyopoa, huzidi kuwa mzito. Ukifika Sumatra, huzama chini ya nchi kavu.

Jiwe la Mwanza ni jepesi zaidi, kwa hiyo halizami. Hubaki juu na kuzeeka.

Mwamba unaozama hukwama. Tarehe 26 Desemba 2004 uliachia ghafla. Mawimbi yaliua watu hata pwani ya Tanzania.