Mkakati wa Hisa Unapochakaa

Biashara ya hisa pacha hutafuta kampuni mbili ambazo bei za hisa zake huenda sambamba. Pengo kati yake likipanuka kupita kawaida, hisa iliyopanda huazimwa na kuuzwa, na iliyoshuka hununuliwa, kwa matarajio kwamba pengo litaziba. Watafiti Gatev, Goetzmann na Rouwenhorst waliupima mkakati huu kwa bei za soko la Marekani kuanzia 1962 hadi 2002. Walikuta faida ya karibu asilimia 11 kwa mwaka, lakini miaka ya mwisho ilikuwa dhaifu kuliko ya mwanzo. Wastani wa miaka 40 ulikuwa umeuficha mchakao huo.

Ili kuuona, hutumika dirisha linalosogea: hupigwa wastani wa faida ya miezi 12 iliyopita, kisha kila mwezi mpya unapoingia, ule mkongwe hutolewa. Ugumu uko kwenye upana wa dirisha. Tuseme mkakati mzima, usiochakaa, huleta wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, na matokeo ya mwaka mmoja hupanda au kushuka kwa kiasi kama hicho hicho kuzunguka wastani. Mkakati huo utapata hasara takriban mwaka mmoja kati ya sita, kwa bahati tu. Ndani ya miaka 10, uwezekano wa kuupitia angalau mwaka mmoja wa hasara unazidi asilimia 80. Anayeufuta kwa dirisha moja jekundu la miezi 12 ana hakika ya karibu kuua kitu kizima. Dirisha la miaka mitatu hupunguza kengele hizo za uongo hadi takriban asilimia 4, ila huchelewa: mkakati uliokufa jana bado hubebwa na faida za zamani.

Kwa hiyo faida peke yake haitoshi. Katika hisa pacha huangaliwa pia idadi ya siku ambazo pengo huchukua kuziba, sehemu ya mapengo yasiyoziba kabisa, na faida inayobaki baada ya ada. Haya hupimwa katika kila biashara, hivyo ushahidi hukusanyika haraka zaidi. Mapengo yakiendelea kuziba kama zamani lakini yakawa membamba kiasi cha kumezwa na ada, dalili ni kwamba washindani wameongezeka.

Hasara ya ghafla ni jambo jingine. Agosti 2007, mifuko mingi ya Marekani yenye mikakati inayofanana iliuza kwa pamoja na kuumia kwa siku chache. Tarehe 10 bei zikarudi kwa kiasi kikubwa. Waliofunga tarehe 9 walibaki na hasara bila marejeo hayo.

Kanuni ya kustaafisha huandikwa kabla mtaji haujaingia. Utaratibu wenye busara ni kupunguza mtaji kwa nusu dirisha la mwaka linapoungana na dalili za mapengo, na kuutoa wote dirisha la miaka mitatu linaposhuka chini ya gharama. Baada ya hapo mkakati huendelea kupimwa kwenye karatasi, bila fedha.