Michoro mitatu ya tatuaji ku mukono moja: gani itasomeka nyuma ya miaka kumi?

Mudogo wangu anataka tatuaji ku mukono, kati ya kiwiko na kifundo. Anataka msalaba wa shaba, ule wa zamani wa Katanga, na muhindi unapanda pa katikati. Mwenye kuchora ku kartie yetu ku Likasi akamutolea michoro mitatu ku karatasi. Mudogo akaniletea juu, anasema, mi ni agronome, najua muhindi. Ni kweli muhindi najua, lakini swali lenyewe lilikuwa lingine: ile wino ikiisha kuingia, itafanya nini ndani ya ngozi?

Wino haukae juu. Unakaa chini ya ile ngozi ya juu yenye kubadilika kila mara, na seli za mwili zinaushika pale. Miaka inapita, seli zinakufa, zingine zinaokota wino, na pole pole ule mstari unapanuka. Kwa hiyo, mbele ya kupenda mchoro, pima nafasi kati ya mistari. Ni kama kupanda muhindi: siku ya kwanza sentimetre 75 kati ya mistari inaonekana kama kupoteza udongo, lakini ngojea majani yakomae.

Mchoro wa kwanza njo ulikuwa muzuri kupita yote ku karatasi. Mistari miembamba kama unywele, punje za muhindi zaidi ya makumi ine, kila moja na kivuli chake. Nilipima na rula: mistari ya punje karibu nusu milimetre, nafasi kati yao karibu 0,6. Tuseme mstari unakuja kuwa mara mbili, milimetre moja. Kila upande umesogea 0,25, na nafasi yote inayobakia ni 0,1. Ile haiko muhindi tena, ni doa nyeusi. Tena kwa ngozi yetu nyeusi, rangi ya ngozi iko juu ya wino kama kioo cha giza: vivuli vyepesi vya kijivu vinapotea mbele ya vingine vyote. Kile kinachobakia ni mweusi kamili na ngozi tupu pembeni yake.

Kama hauna rula, fanya hivi: weka karatasi yenye kuonyesha juu ya mchoro, pitisha kila mstari na kalamu yenye unene mara mbili, kisha bandika ku ukuta na urudi nyuma hatua tatu. Punje za mchoro wa kwanza zilikuwa ukuta mweusi. Za mchoro wa pili, kumi na mbili tu na kubwa, zilisomeka bila shida.

Mchoro wa tatu ulikuwa na unene wa kufaa, mwenye kuchora alijua kazi. Shida yake ni mahali. Msalaba una mikono ine sawasawa, na aliuweka karibu na kifundo, pale mukono unakuwa mwembamba. Mikono miwili ya pembeni ilizunguka nyuma, ukiangalia mbele unaona kama fimbo tu. Na kuna kitu kingine: geuza kiganja juu, kisha chini. Ngozi ya karibu na kifundo inazunguka mingi, ile ya karibu na kiwiko kidogo tu. Mstari wenye kunyooka ukiwa umelaza mukono ku meza unakuwa mshazari ukisimama. Kwa hiyo stensili inawekwa mtu amesimama, mukono unaning'inia, bidole gumba mbele. Yetu ilifutwa mara mbili na alkoli mbele ya kukaa sawa. Kufuta stensili hakuna bei, muombe bila haya.

Tulichukua mchoro wa pili, lakini tukaupandisha vidole vine juu ya kifundo, upande wa ndani juu jua linaufikia kidogo, na tukaondoa mishipa ya majani. Mstari wa nje ulibakia milimetre moja. (Nilimukumbusha pia kama misalaba mitatu ya namna hii ilikuwa ku bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, na batu bengine bataisoma vile. Alisema anajua.)

Karatasi haionyeshe mukono wa mwenye kuchoma. Sindano ikiingia chini sana, wino unamwagika palepale: ndani ya siku chache unaona kivuli cha buluu pembeni ya mstari, na ile haina uhusiano na uzee. Na kama kidonda chako kinapona na kovu lenye kuvimba, hakuna mchoro utakaokuokoa. Angalia kovu zako za zamani kwanza. Kisha omba akuonyeshe kazi yake ya miaka mitano, ku ngozi kama yako, haiko foto ya siku ileile.